Bufe ya Harusi kwa Wageni 200: Anza na Aliyeshika Upawa

Nimepika harusi za Nairobi kwa miaka mingi, na harusi iliyonifunza zaidi ni ile ambayo kuku waliisha. Ilikuwa kwenye bustani upande wa Karen, wageni 200, na nilikuwa nimenunua kuku wa kumtosha kila mtu kipande chake. Nikamweka kuku mwanzoni mwa meza, karibu na sahani, nikawaacha wageni wajipakulie. Tulipofika meza ya kumi na tatu koleo likagonga chuma kitupu. Watu 70 walikuwa bado hawajala, wakiwemo shangazi za bwana harusi waliosafiri kutoka Kitui.

Nyama ilikuwa ya kutosha. Nilichokosea ni mahali nilipoiweka na mkono niliouachia koleo. Tangu siku hiyo sianzi tena kupanga harusi kwa kuuliza tutanunua kilo ngapi. Naanza na sahani ya mgeni: itapita wapi, nani ataipakulia, na kwa kijiko cha ukubwa gani. Kilo zinafuata hapo. Hapa nitafuata harusi nyingine, moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho: Jumamosi ya mwezi wa Agosti, ibada South B saa 4:00 asubuhi, sherehe kwenye bustani huko Karen, kadi za watu 200.

Vichwa na sahani si hesabu moja

Kamati ikikwambia 200, waulize maswali mawili: watoto ni wangapi, na ni akina nani watakaokula bila kadi. Katika harusi yetu watu wazima ni 170 na watoto 30. Nairobi huongeza wageni 20 wasiotarajiwa katika idadi kama hii, kwa sababu mtu akialikwa huja na mpangaji mwenzake, na dereva aliyekodiwa hawezi kuachwa garini akinusa pilau. Kisha kuna wanaofanya kazi: wapishi 5, wahudumu 12, waosha vyombo 2, wapiga picha 3, watu wa muziki 2 na mlinzi 1. Hao ni 25, na watakuwa wamesimama tangu alfajiri.

Ukijumlisha unapata vichwa 245. Lakini mtoto hula nusu ya wali wa mtu mzima, kwa hiyo kwa wali, mukimo na mboga wale 30 wahesabu kama 15, na sahani zako zinakuwa 230. Kwa kuku usithubutu kufanya hivyo. Mtoto huacha wali, lakini kipande cha kuku anakitaka kizima kama babake. Kwa hiyo vyakula vya kujaza tumbo hupimwa kwa sahani 230, na vyote vinavyohesabika kwa kipande hupimwa kwa vichwa 245. Wengi hutumia namba moja kwa vyote viwili, ndiyo maana wali hubaki sufuria nzima huku kuku wamekwisha.

Kutoka sahani hadi soko

Menyu yetu ni pilau, chapati, mukimo, nyama ya ng'ombe ya mchuzi, kuku, kabichi, kachumbari na matunda. Mbuzi choma sikumweka, ingawa wajomba walimtaka. Kwenye bufe ya watu 200 mbuzi huchomwa mapema, akakaa, akakauka, na nusu ya uzito wake ni mifupa na mafuta yaliyoishia kwenye makaa. Kama familia haiwezi kuishi bila yeye, mchomeni mmoja, akatwekatwe vipande vidogo vya kuonja wakati wageni wakisubiri maharusi. Msimhesabu kwenye sahani.

Mchele wa pilau, mahali ambapo chapati na mukimo vipo pia, hesabu gramu 80 za mchele mkavu kwa sahani. Sahani 230 zinakuletea kilo 18 na kidogo. Pilau ingekuwa peke yake ungehitaji gramu 100 hadi 120. Nyama ya ndani ya pilau ni nusu ya uzito wa mchele, kilo 9, na vitunguu kilo 5 na nusu, kwa sababu rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kikawa cha kahawia iliyokolea.

Chapati ni hesabu ya mikono kuliko ya unga. Pakiti ya kilo 2 hutoa chapati 20 hadi 22 za ukubwa wa kawaida. Moja kwa kila kichwa ni 245, kwa hiyo pakiti 12. Mtu mmoja mwenye kikaango kimoja na mwenzake wa kusukuma hawezi kuzidi chapati 40 kwa saa bila kuanza kuziunguza. Weka majiko matatu, kazi itaisha kwa saa mbili na kidogo. Ukiweka jiko moja, mama wa chapati atakesha, na zile za mwisho zitakuwa ngumu kama ngozi.

Nyama ya mchuzi mwambie muuzaji aikate vipande 25 kwa kilo, na usimame hapo akikata. Kilo 22 zinakupa vipande 550. Vichwa 245 wakipata viwili viwili ni 490, na 60 ni akiba. Kuku wa broila wa kilo moja na robo hukatwa vipande 8 vinavyofanana kiasi. Kuku 32 ni vipande 256. Namba hiyo ikariri, tutairudia tukifika mezani.

Vingine havihitaji maelezo mengi:

- viazi kilo 20 za mukimo, pamoja na mahindi, njegere na majani ya malenge
- kabichi kilo 20, karoti kilo 4
- nyanya kilo 12 na vitunguu kilo 6 za kachumbari, dhania na ndimu
- matikiti 6 makubwa, mananasi 10, mapapai 8
- soda kreti 15 za chupa 24, maji katoni 13 za chupa ndogo 24

Matunda huonekana mengi, lakini zaidi ya theluthi moja ni maganda. Na kuhusu maji: sherehe ikiwa ndani ya msitu kama Karura au eneo lingine la hifadhi, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi tangu tarehe 5 Juni 2020. Huko panga mitungi mikubwa na gilasi, na uongeze mtu mmoja wa kuosha.

Wapishi wakisha kuridhika na hesabu, fanya jaribio moja nyumbani. Pika kilo moja ya mchele kama pilau, kisha pakua kwa kijiko kilekile kitakachotumika siku ya harusi. Kilo moja inapaswa kutoa sahani 12 au 13. Ikitoa 8, kijiko chako ni kikubwa mno, na si mchele uliopungua. Badilisha kijiko.

Meza yenyewe

Hebu tutazame foleni. Mgeni mmoja huchukua takriban sekunde 15 kupita mbele ya vyakula vyote. Wageni wanaokuja kwenye bufe ni 208: ukiondoa 12 wa meza kuu, ambao hupelekewa, na wafanyakazi 25, ambao chakula chao huwekwa kando. Wakipita kwenye mstari mmoja, watu 208 ni dakika 52, na hapo hakuna mzee aliyesimama kuuliza kilicho ndani ya mukimo. Wa mwisho atakula wakati wa kwanza wanaanza kuomba keki.

Kwa hiyo weka bufe mbili, kila moja ikiwa na nafasi pande zote mbili. Hiyo ni mistari minne, na kila mstari una watu 52. Bufe moja hujengwa kwa meza tatu za mita 1.8 zilizounganishwa kwa urefu, jumla mita 5 na zaidi, upana usipungue sentimita 75 ili mikono ya pande mbili isigongane. Acha mita 2 wazi kila upande kutoka viti vya karibu. Bufe mbili zitenganishe, moja kila pembe ya hema, ili foleni zisikutane katikati na kuzuia njia ya maharusi.

Mpangilio kutoka mkiani hadi kichwani mwa meza ni huu. Sahani kwanza, mirundo miwili, mmoja kila upande. Kisha pilau, chapati zilizokatwa nusu, mukimo, kabichi. Mwisho kabisa, pale kichwani ambapo meza inaishia, mchuzi wa nyama na kuku. Hapo husimama wahudumu wawili, mmoja na upawa wa mchuzi, mwingine na koleo la kuku, na kwa kuwa wamesimama mwisho wa meza wanahudumia pande zote mbili bila kuzunguka. Mgeni anafika kwao sahani ikiwa imeshajaa robo tatu. Macho yake yenyewe yanamwambia kipande kimoja kinatosha, na mhudumu hahitaji kubishana na mtu.

Kachumbari, pilipili, chumvi na tishu viwe kwenye meza ndogo mita 3 kutoka hapo. Ni vitu vinavyomfanya mtu asimame na kufikiri, na asimame huko, si kwenye foleni. Vijiko na uma viwe mezani wanapokaa wageni. Vinywaji vipelekwe kwenye meza na wahudumu. Soda ikiwekwa karibu na bufe kila mtoto wa harusi atakuwa kwenye njia ya sahani. Matunda yawe na meza yake, na yafunguliwe nusu saa baada ya chakula kuanza.

Yale masinia ya chuma ya bufe, yenye maji ya moto chini na mwali wa jeli, hubeba lita 8 au 9 na hutosha watu 25 hadi 30. Maji ya chini yawekwe yakiwa yamechemka tayari. Jeli ile ni ya kutunza joto tu, haina nguvu ya kupasha kilichopoa. Agosti ya Nairobi ina mawingu na upepo wa baridi, na sinia lililojazwa maji ya bomba halitapata moto hadi sherehe iishe. Sinia likibaki robo, libadilishe lote na jipya kutoka jikoni. Usimimine pilau mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu ile ya chini hukaa saa nzima bila kuguswa.

Watu na kazi zao

Jikoni kuna mpishi mkuu, wasaidizi wawili, mmoja wa mboga na kachumbari, na mmoja wa kuku. Watu wa chapati hufanya kazi Ijumaa na kulipwa Ijumaa. Kila anayegusa chakula awe na cheti cha uchunguzi wa afya ambacho bado hakijapitwa na wakati. Kiombe mapema, usisubiri afisa wa kaunti aje kukiulizia.

Wahudumu 12 wagawe hivi: wanne kwenye nyama, wawili kila bufe, wawili wa kubeba masinia kati ya jiko na bufe, wawili wa meza kuu, ambao wakimaliza huenda kwenye meza za wazee wasioweza kupanga foleni, watatu wa vinywaji na kuondoa sahani, na msimamizi mmoja ambaye habebi chochote. Huyo wa mwisho kamati hupenda kumkata ili kupunguza gharama. Usikubali aondolewe. Ndiye pekee anayeona bufe zote mbili kwa wakati mmoja, na ndiye anayezungumza na mshereheshaji.

Wale wanne wa nyama wachague mwenyewe. Usiweke jamaa wa familia. Binamu wa bibi harusi akishika koleo, marafiki zake watapata mapaja mawili mawili, na hawezi kulaumiwa kwa kushindwa kuwanyima watu wake. Mpe kazi ya kuwapokea wageni.

Sahani kodisha 270. Maji usitegemee bomba la bustani, maana mgao hauna taarifa. Tangi la lita 1,000 litoshe kupika, kunawa na kuosha.

Saa za kazi

Wiki mbili kabla, idadi ya mwisho. Wiki moja kabla, lipia nyama na kuku, na uende bustanini na mpishi mkuu mkatazame jiko litakaa wapi. Jiko liwe na hema lake, mita 20 au zaidi kutoka kwa wageni, upande ambao upepo hautapeleka moshi kwao, na njia ya kutoka jikoni hadi bufe isiwe na ngazi wala kamba za hema. Jumatano chagua mchele na kusaga viungo: bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu. Alhamisi usiku loweka mahindi makavu ya mukimo kama hukupata mabichi, na uyachemshe Ijumaa kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea kama umetoka Pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kwenye takriban nyuzi 94, na nafaka kavu hazisikii moto huo haraka.

Ijumaa saa 11:00 alfajiri uwe soko la Marikiti kwa mboga na matunda. Nyama nimezoea kuichukua soko la Burma, ng'ombe wa siku hiyo, na haingii garini kabla sijahesabu vipande vya kilo moja. Kuku wakatwe, watiwe viungo, wakae kwenye friji au kasha lenye barafu. Saa 8:00 mchana kanda unga. Chapati zikipikwa zipoe moja moja kabla ya kupangwa, kwa kuwa zikirundikwa zikiwa na mvuke, asubuhi utazikuta zimelowa na zinanuka uchachu.

Jumamosi moto uwashwe saa 10:00 alfajiri palepale bustanini. Nyama ya mchuzi huanza, kwa sababu haiharibiki ikikaa motoni. Saa 2:00 asubuhi mukimo. Saa 4:00, wakati bibi harusi anaingia kanisani, kuku huanza kukaangwa, na vitunguu vya pilau navyo. Kuku aive hadi ndani: ukiwa na kipimajoto, nyuzi 74 kwenye nyama nene karibu na mfupa; bila hicho, toboa paja na uone maji yakitoka meupe bila damu. Saa 5:30 nyama ya pilau imeiva ndani ya viungo na supu inachemka. Na hapo mpishi husimama. Mchele hauingii.

Hii ndiyo sehemu ambayo saa ya ukutani haisaidii. Ibada za Nairobi hazimaliziki saa zilizoandikwa kwenye kadi, na baada yake kuna picha, na baada ya picha kuna Lang'ata Road. Pilau iliyopikwa kwa kufuata kadi huwa tayari saa 6:00 na kuliwa saa 8:00, ikiwa imekauka juu na kulowa chini. Kwa hiyo mimi huweka mtu kanisani mwenye simu. Maharusi wakianza kutia sahihi vyeti, anampigia mpishi, na mpishi anatia mchele kwenye sufuria ya kwanza. Kuanzia mchele uingie hadi pilau iwe tayari kupakuliwa ni saa moja na dakika 10 hivi. Kutoka sahihi hadi wageni wakae vitini South B hadi Karen ni zaidi ya hapo kidogo. Siku yetu sahihi zilitiwa saa 6:05, na sufuria ya kwanza ilikuwa tayari saa 7:15.

Ndiyo, nimesema sufuria ya kwanza. Kilo 18 usizitie kwenye sufuria moja. Chini zitaungua huku katikati punje bado zina kiini. Tumia sufuria mbili za lita 50, kila moja kilo 9. Maji pia hayafuati hesabu ya nyumbani: kikombe cha mchele kinachotaka vikombe viwili vya maji kwenye sufuria ndogo, kwa wingi huu kitataka kimoja na nusu, ukihesabu na supu, maana sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo. Pishori ya Mwea ni laini na yenye harufu nzuri, lakini ukiizidishia maji inakuwa bokoboko, kwa hiyo anza na pungufu. Maji ya moto unaweza kuongeza, huwezi kuyatoa. Maji yakishuka hadi usawa wa mchele, geuza mara moja kutoka chini kwa mwiko mrefu, funika kwa foili na kifuniko, punguza moto wa chini na upalie makaa juu. Usifunue kwa dakika 30.

Sufuria ya pili hutiwa mchele wakati gari la kwanza la wageni likiingia langoni. Hiyo ndiyo itakayolisha nusu ya mwisho ya wageni na wafanyakazi, ikiwa na moto wake. Na kama msafara umekwama barabarani kwa saa nzima, angalau ni nusu tu ya pilau inayosubiri.

Kachumbari ikatwe saa 6:00, lakini chumvi na ndimu ziingie dakika 20 kabla ya chakula. Chumvi huvuta maji kwenye nyanya, na mgeni wa mwisho akaishia kupakuliwa supu ya nyanya.

Kubaliana na mshereheshaji kwamba baada ya maombi chakula kinafuata, hotuba baadaye. Wengi wa wageni walikunywa chai saa 1:00 asubuhi.

Dakika 30 za kupakua

Sasa turudi kwa vile vipande 256 vya kuku. Kabla bufe haijafunguliwa, msimamizi anaondoa 25 vya wafanyakazi na 12 vya meza kuu. Vinabaki 219. Anatenga 11 kwenye hotipoti yenye kifuniko ambayo hakuna anayeigusa bila ruhusa yake. Vinabaki 208, idadi ileile ya watu watakaopita. Hivyo anavigawa mafungu manne ya vipande 52, na kila fungu nusu kwa nusu, 26 kwa kila bufe.

Wageni nao huitwa kwa mawimbi manne, meza tano kwa wimbi, na la mwisho meza sita. Kila wimbi ni watu 50 na kitu na huchukua dakika 7 hivi. Fungu la pili la kuku haliletwi mpaka wimbi la kwanza liishe. Kwa njia hii msimamizi anajua ukweli dakika ya saba. Kama vile 26 vya bufe ya kushoto vimeisha na bado watu wanne wamesimama, ni mojawapo ya mambo mawili: mhudumu anatoa viwili, au kuna watu waliojitia kwenye wimbi lisilo lao. Anakwenda kusimama pale, anatazama sahani tano, anarekebisha. Vile 11 vya akiba vipo kwa ajili ya kosa hilo dogo. Ukigundua kwenye wimbi la nne, hakuna hotipoti itakayokuokoa.

Pilau inachunguzwa vivyo hivyo. Baada ya mawimbi mawili sufuria ya kwanza inapaswa kuwa imebaki kidogo tu. Ikiisha mapema, mhudumu mmoja asimame kwenye chapati aongeze nusu moja kwa kila sahani, na mwingine asimame kwenye pilau. Ikibaki theluthi, ruhusu mara ya pili mapema, lakini mshereheshaji asitangaze neno hilo mpaka msimamizi ampungie mkono. Nimeona foleni ya mara ya pili ikianza huku meza mbili hazijaitwa kamwe, kwa sababu tu mtu wa kipaza sauti aliona bufe imepungua watu.

Weka saa ya kufungua bufe kwenye karatasi na uibandike jikoni. Siku yetu ilikuwa saa 7:40 mchana. Chakula cha moto kikishuka chini ya nyuzi 60 hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili, na wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu vijidudu vinavyomea ndani ya wali uliopoa huacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo saa 9:40 masinia yote ya pilau na mchuzi huondolewa, iwe hotuba zimeisha au la. Kilichokuwa kwenye bufe hakifungwi kwenda nyumbani.

Kinachofungwa ni kile kilichobaki jikoni ndani ya sufuria yenye moto, ambacho hakikufika mezani. Kifungwe kwenye vyombo vifupi kingali kinatoa mvuke, kila chombo kikiandikwa saa, na kwanza wapewe wale waliosafiri mbali. Katika harusi hii zilibaki sahani 14 za pilau, vipande 6 vya kuku na chapati 9. Zote zilipanda basi la kurudi Kitui jioni hiyo, na nilimwambia shangazi aliyezibeba ziliwe kabla ya Machakos.